Hela imeingia, mbona benki imeandika Credit?

*Shikamoo shangazi,*

*Nina duka la steshenari hapa Morogoro. Binti yangu anasoma uhasibu chuoni, na likizo iliyopita alinifungulia kitabu cha hesabu chenye pande mbili, kushoto debiti, kulia krediti. Akanikaririsha: mama, hela ikiingia benki andika kushoto, ikitoka andika kulia. Nikafuata. Mwisho wa Septemba nimechukua taarifa ya benki, nayo imefanya kinyume kabisa. Hela niliyoweka iko Credit, niliyotoa iko Debit. Hilo neno credit lilinishtua, nikadhani wamenipa mkopo ambao sikuomba.*

*Salio kitabuni kwangu ni 380,000, la benki ni 734,500. Halafu kuna shule ilichukua madaftari ya 180,000 kwa mali kauli. Mhasibu wao anaapa alishalipa kupitia benki, ila ukurasa wao kitabuni kwangu unaonyesha nawadai 360,000. Nani amekosea, binti, benki au mimi? Nimenakili taarifa yenyewe.*

```
Tarehe  Maelezo              Debit    Credit   Balance
01 Sep  Salio la kuanzia                       310,000 CR
03 Sep  Fedha taslimu                 450,000  760,000 CR
07 Sep  Kutoa kwa wakala    200,000            560,000 CR
07 Sep  Ada ya kutoa          2,500            557,500 CR
15 Sep  Uhamisho: shule               180,000  737,500 CR
30 Sep  Ada ya mwezi          3,000            734,500 CR
```

*Mama Steshenari, Morogoro*

Marahaba mwanangu.

Binti yako yuko sahihi na benki iko sahihi. Aliyeteleza ni wewe, tena kwenye mstari mmoja tu, ule wa tarehe 15. Nitaufikia, ila kwanza tuweke hiyo taarifa pembeni, ufungue lile daftari la madeni lililo chini ya kaunta yako.

Humo kila mteja ana ukurasa wake, sivyo? Na ukurasa wa mteja hauhesabu hela zilizo mfukoni mwake. Unahesabu kilicho kati yenu wawili: unamdai kiasi gani, au anakudai kiasi gani. Sasa tuseme kuna mzazi ambaye kila mwezi ukianza anakuachia 20,000, watoto wake wawe wanapita kuchukua kalamu na madaftari mpaka iishe. Siku anapokuachia hiyo hela, droo yako imenona. Lakini bado hujampa kitu, kwa hiyo anakudai. Kwenye ukurasa wenye jina lake unaandika 20,000 upande wa kulia, upande wa krediti, maana yake huyu ananidai. Kesho mtoto akichukua kalamu na rula za 3,000, unaandika 3,000 upande wa kushoto, na sasa anakudai 17,000. Ukiupiga picha ukurasa huo ukamtumia mzazi kwa WhatsApp, umemtumia steitimenti.

Naye mzazi, kama ni mtu wa kuandika, atakuwa na ukurasa wa duka lako kwenye kitabu chake nyumbani. Ile 20,000 kwake iko kushoto, debiti, kwa sababu kwake duka lako ndilo linalodaiwa. Kalamu za 3,000 ziko kulia. Salio ni lile lile, 17,000. Kilichobadilika ni pande tu, kwa kuwa mmoja anaandika akiwa mdai na mwingine anaandika akiwa mdaiwa.

Benki imekutumia picha ya ukurasa wako kutoka kwenye daftari lake la madeni, na humo wewe ndiye yule mzazi. Hiyo taarifa unayoisoma ni kitabu cha benki, chenye jina lako juu, kilichoandikwa kwa macho ya benki. Wewe umeisoma kana kwamba ni kitabu chako.

Watu wengi hapa wanakwama kwa sababu wanaamini hela iliyo benki ni yao, imekaa tu mahali salama. Neno letu amana linachangia kutupotosha. Amana ya kizamani ni kumwachia jirani kibunda ukisafiri, ukirudi unakabidhiwa noti zile zile. Benki haifanyi hivyo. Noti zako 450,000 za tarehe 3 zilichanganywa na za wengine siku hiyo hiyo, pengine jioni zilishatoka kwa mteja mwingine. Mahakama za Uingereza zilishalimaliza suala hili mwaka 1848, katika kesi ya Foley dhidi ya Hill: hela ukishaiweka benki inakuwa ya benki, na wewe unabaki na haki ya kuidai. Nchi zilizorithi sheria za Kiingereza zinaenda na msimamo huo mpaka leo. Kwa hiyo kisheria wewe umeikopesha benki, na benki ni mdaiwa wako. Herufi CR zilizo pembeni ya salio lako zinasema hivyo: benki inakiri kwamba unaidai.

Na hofu yako ya mkopo siicheki. Nilipokuwa karani kijana, kwenye benki ambayo sitaitaja, mzee mmoja alifika kaunta yangu asubuhi na taarifa yake ameikunja mara nne ndani ya kofia. Akaifungua, akaweka kidole kwenye Credit, akasema yeye tangu azaliwe hajawahi kukopa kwa mtu, na kama benki imeanza kumkopesha kwa siri basi afunge akaunti leo. Nilimweleza kwa maneno niliyofundishwa darasani, hakuelewa, na kusema kweli mimi mwenyewe nilikuwa nimeyakariri tu. Aliyemtuliza ni mhasibu wetu mkubwa, ambaye alimuuliza swali moja: "Mzee, kati yako na sisi, nani anamdai mwenzake?" Mzee akajibu, "Mimi nawadai ninyi." "Basi neno hilo ndilo linalosema hivyo." Mzee akaikunja taarifa yake akairudisha kofiani.

Maneno yenyewe yametoka Kilatini, kupitia kwa wafanyabiashara wa Italia. Mtawa Luca Pacioli alipochapisha maelezo ya hesabu za pande mbili huko Venisi mwaka 1494, hakubuni kitu kipya, aliandika walichokuwa wakifanya wafanyabiashara wa pale. Debiti inatokana na kudaiwa, krediti inatokana na kuamini. Aliye upande wa krediti ni yule aliyemwamini mwenzake akampa mali yake. Na sisi tunalo hilo hilo: amana na kuamini ni mzizi mmoja wa Kiarabu. Ukiona Credit kwenye taarifa yako soma hivi: mteja huyu ametuamini kwa kiasi hiki.

Sasa twende ndani zaidi kidogo, kwa sababu kuna nusu ya hesabu ambayo benki haikuonyeshi. Kila tukio benki inaliandika mara mbili. Tarehe 3 ulipoweka 450,000, benki iliandika debiti 450,000 kwenye akaunti yake ya fedha taslimu, kwa kuwa hela imeongezeka kwenye sanduku lake, na krediti 450,000 kwenye akaunti yako, kwa kuwa deni lake kwako limeongezeka. Umeona? Benki nayo hela ikiingia kwake inaandika debiti, vile vile kama alivyokufundisha binti. Ila ukurasa ule wa sanduku la benki haukuhusu, hutumiwi. Unatumiwa ule wenye jina lako tu, na ndiyo maana inaonekana kama benki inaandika kinyumenyume.

Kwako wewe siku hiyo hiyo hela ilihama kutoka droo ya duka kwenda benki. Kitabuni: debiti akaunti ya benki 450,000, krediti fedha za dukani 450,000. Hapa ulipatia, nadhani kwa sababu uliandika siku ile ile ukiwa na slipu mkononi, hukusubiri taarifa.

Ada nazo zina pande mbili. Ile 3,000 ya mwezi, benki imeiandika debiti kwenye ukurasa wako kwa maana deni lake kwako limepungua, na krediti kwenye mapato yake. Wewe unaiandika debiti kwenye gharama za benki na krediti kwenye akaunti ya benki. Mapato yake ni gharama yako.

Mstari wa wakala ndio ninaoupenda kuliko yote. Tarehe 7 ulikwenda kwa wakala, akafungua droo yake, akakuhesabia noti 200,000. Noti zile zilikuwa zake, siyo za benki. Kwa hiyo benki ilipunguza deni lake kwako kwa 200,000, debiti ukurasa wako, ikaongeza deni lake kwa wakala kwa kiasi hicho hicho, krediti ukurasa wa wakala. Floti yake ikapanda. Ukikutana na wakala huyo mwambie akuonyeshe taarifa yake ya siku ile: ametoa hela mkononi, na kwenye taarifa yake imeandikwa Credit. Wewe umepokea hela mkononi, na kwako imeandikwa Debit. Mtu anayesoma hayo maneno kama "imeingia" na "imetoka" akifikiria noti atachanganyikiwa kabisa hapo. Anayesoma "tunadaiwa zaidi" na "tunadaiwa pungufu" hapati taabu.

Na ikitokea umechukua mkopo kweli, utakuwa na akaunti nyingine, ya mkopo, na huko salio litaandikwa DR, au kwenye baadhi ya taarifa alama ya kutoa mbele ya namba. Huko benki ndiyo inayokudai. Riba inaingia safu ya Debit na kuongeza deni, rejesho lako la mwezi linaingia Credit na kulipunguza. Nimewaona watu wakisoma taarifa ya mkopo wakafurahia Debit nyingi. Ukiwa huna uhakika unasoma nini, angalia kwanza herufi zilizo pembeni ya salio, kisha angalia salio lenyewe limepanda au limeshuka baada ya mstari ule. Safu ya Balance haiwezi kukudanganya hata kama vichwa vya safu nyingine vimefutika kwenye karatasi.

Haya, tarehe 15.

Kabla ya kukuambia nilivyoiona, nikuonyeshe jinsi ya kuitafuta, maana itajirudia. Kitabu chako 380,000, benki 734,500, tofauti 354,500. Namba hiyo haipo popote kwenye taarifa, kwa hiyo siyo mstari mmoja uliosahaulika. Anza na vitu ambavyo benki inavijua na wewe huvijui, yaani ada. Kwa hesabu zako sioni mahali ulipoandika 2,500 wala 3,000. Jumla 5,500. Ziondoe kitabuni: 380,000 inakuwa 374,500. Sasa tofauti na benki ni 360,000 kamili, namba safi.

Igawe kwa mbili. Unapata 180,000.

Wahasibu wanagawa kwa mbili kwa sababu kiasi kilichoandikwa upande usio wake kinakosea mara mbili. Ulitakiwa ujumlishe 180,000, hukujumlisha, na juu ya hapo ukaitoa. Kitabu kinabaki nyuma kwa 360,000. Kwa hiyo kila ukipata tofauti, iangalie kwanza kama ilivyo. Ikiwa ni sawa na mstari mmoja, umeusahau mstari huo. Ikiwa nusu yake ndiyo sawa na mstari, umeuandika upande mbaya.

Ilivyotokea nadhani ni hivi. Hela ya shule ilihamishwa moja kwa moja benki, haikupita dukani, kwa hiyo hukujua mpaka ulipoona taarifa. Ukaona Credit 180,000, ukainakili kitabuni kwako kama ilivyo, kwenye krediti. Mistari mingine yote uliandika kwa macho yako, huu mmoja umeuandika kwa macho ya benki. Na kwa kuwa binti alikufundisha kuandika kila kitu mara mbili, upande wa pili ulikwenda kwenye ukurasa wa shule, debiti 180,000. Shule iliyokuwa inadaiwa 180,000 ikaonekana imechukua mali nyingine ya 180,000. Hapo ndipo ilipozaliwa ile 360,000 unayowadai. Mhasibu wao hajakudanganya, mpigie umtulize.

Hapo unaona kwa nini pande mbili zina faida: kosa moja limejitokeza sehemu mbili, benki na kwenye ukurasa wa shule, kwa kiasi kinacholingana. Ungekuwa na daftari la upande mmoja ungeng'ang'ana na shule mpaka muhula uishe.

Ushauri wangu kuhusu vichwa vya safu. Binti asinikasirikie, lakini kwenye ukurasa wa benki kitabuni kwako, chini ya neno debiti andika kwa penseli "benki inanidai pungufu au inadaiwa nami zaidi"... hapana, hata mimi nimejichanganya. Andika "imeingia" chini ya debiti na "imetoka" chini ya krediti. Kwa ukurasa wa benki tu. Kwenye ukurasa wa shule maneno hayo hayafai, huko andika "wamechukua" na "wamelipa". Na unapoihamisha mistari kutoka kwenye taarifa ya benki, usinakili safu. Soma maelezo, jiulize akaunti yako imepanda au imeshuka, kisha andika. Credit ya benki itaishia debiti kwako, na Debit ya benki itaishia krediti kwako, kila mara, bila ubaguzi, ilimradi ni ukurasa wa benki.

Kuna jambo moja litakalokusumbua siku za mbele hata ukiandika kila mstari upande wake. Vitabu viwili vinaweza kutofautiana na wote mkawa sahihi, kwa sababu ya muda. Ukiweka hela jioni ya tarehe 30 na benki ikaiingiza tarehe 1, kitabu chako cha Septemba kitakuwa nayo na taarifa ya Septemba haitakuwa nayo. Hiyo huisahihishi popote. Unaiandika pembeni kwamba iko njiani, na mwezi unaofuata unahakikisha imefika. Vile vile ukiona benki imekurudishia ada iliyokata kimakosa, itakuja kama Credit yenye maelezo ya kurudisha. Hayo siyo mauzo, ipunguze kwenye gharama za benki.

Sasa chukua kalamu. Usifute kwa wino mweupe na usichane karatasi, maana afisa mikopo au mkaguzi akiona kurasa zilizofutwa ataanza kuuliza maswali hata kama huna la kuficha. Mstari wa tarehe 15 uache ulivyo. Chini ya mstari wako wa mwisho, kwenye ukurasa wa benki, andika debiti 180,000, maelezo "kufuta kosa la tarehe 15". Salio linakuwa 560,000. Andika tena debiti 180,000, maelezo "malipo ya shule, tarehe 15". Salio 740,000. Andika krediti 2,500, ada ya kutoa kwa wakala, salio 737,500. Andika krediti 3,000, ada ya mwezi.

Halafu geuza ukurasa wa shule, weka krediti 180,000 mara mbili kwa maelezo hayo hayo, uandike salio la sifuri. Zile ada mbili zipeleke ukurasa wa gharama za benki, upande wa debiti. Ukirudi ukurasa wa benki, salio linatakiwa lisome 734,500. Lisiposoma hivyo, toa tofauti, igawe kwa mbili, uniandikie.